Rikruta kakuandikia na wewe hutaki kuondoka: "hapana" yenye tarehe

*Assalaam alaykum dada. Mie nipo hoteli Kiwengwa, supavaiza wa rizavesheni, mwaka wa pili huu. Juzi kaniandikia LinkedIn kaka mmoja wa wakala wa ajira Dar, simjui na sikuomba kazi popote, anasema kuna hoteli ya mjini Dar inatafuta meneja wa rizavesheni na kaniona nafaa. Sitaki kuondoka sasa hivi, mama anaumwa na hapa ndo kwanza nimekabidhiwa mfumo mpya, lkn sitaki pia nimkatae akanisahau moja kwa moja. Nimeandika majibu mawili yote sijayatuma, nakuekea uyaone. Nimjibu vipi? Na nikinyamaza tu kuna ubaya?*

Waalaykum salaam mdogo wangu, na mama Mungu amjaalie shifaa.

Nianze na hilo la kunyamaza. Dhambi hupati, lkn kuna kitu unapoteza, na ili ukione inabidi nikwambie upande wa pili kunafanyika nini, mana mie nimekaa upande huo miaka sita kabla sijarudi nyumbani, kazi yangu ilikuwa kuyatafutia mahoteli watu. Watu wanadhani rikruta keshakuandikia basi amekaa anasubiri jibu kama mtu aliyepeleka posa. Hasubiri. Kiti kimoja cha meneja wa rizavesheni nilikuwa naandikia watu thelathini mpaka arubaini kwa siku mbili, meseji ile ile nabadilisha jina tu, na kama yako imeandika "nimevutiwa sana na uzoefu wako" basi jua na wenzako thelathini wamevutiwa nao vile vile. Wengi hawajibu. Wanaojibu, mmoja anaandika "mshahara ngapi?" hata salamu hakuna, mwengine "ntaangalia", mwengine "nipigie", na watatu wanne hivi ndo wanaandika jibu la mtu na akili yake. Kila jibu nilikuwa nalitia kwenye jedwali langu, jina, yupo wapi, cheo gani, na safu ya mwisho kabisa niliipa jina "lini". Kila mwanzo wa mwezi nachuja jedwali kwa safu ile, naona nani alisema mwezi huu ndo niulize. Aliyenyamaza safu yake tupu, hatokei. Aliyeandika "labda baadae" nae safu yake tupu, mana "baadae" si tarehe.

Ushafahamu nnakoelekea. Kukumbukwa na rikruta hakutokani na utamu wa maneno yako, kunatokana na wewe kumpa kitu cha kuandika kwenye ile safu. Mawakala wakubwa wana programu zao badala ya jedwali lkn mchezo ni huo huo, ukimpa mwezi anatia kikumbusho, usipompa hana pa kukutia.

Na usiogope kumwambia hapana mapema. Yeye analipwa na hoteli, si na wewe, na mara nyingi ni asilimia ya mshahara wako wa mwaka wa kwanza, kwa wakala wengi duniani inakuwa kati ya 15 na 25, na wengi hawaoni senti mpaka mtu aanze kazi. Afu kuna muda wa dhamana, kawaida kama miezi mitatu hivi, ukiondoka ndani ya muda ule inabidi atafute mtu mwengine bure au arejeshe fedha. Sasa mtu aliyevutwa vutwa akaja shingo upande, mwezi wa pili akarudi kwao kumuuguza mama, kwa rikruta huyo ni hasara tupu. "Hapana" yako ya wazi siku ya kwanza inampunguzia kazi. Tena kwa LinkedIn kuna jambo wengi hawalijui: kama kakuandikia kwa InMail, zile za kulipia za kumfikia mtu asiyekuwa rafiki yako pale, ukimjibu ndani ya siku 90 anarejeshewa ile InMail yake hata kama umemwambia hapana, ukinyamaza haimrudii. Kwahiyo hata "la, asante" yako ina thamani ya fedha kwake, ndo mana nikasema kunyamaza unapoteza bure.

Kabla ya kujibu lakini, chukua dakika tano umtizame ni nani. Akikuficha jina la hoteli usimtilie shaka kwa hilo, mawakala wengi mwanzo wanaficha, wanaogopa utaruka ukaombe mwenyewe moja kwa moja. Angalia profaili yake kama ina historia, kama wakala wenyewe wana ofisi na wafanyakazi wengine wanaoonekana. Lkn akigusa tu fedha, iwe ya fomu, ya kupimwa afya, ya "kushika nafasi", au akataka kopi ya pasipoti kabla hata intavyu haijazungumzwa, huyo hana mlango wa kumuachia wazi, mfungie. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeandika kwenye kifungu cha 7 kuwa wakala binafsi wa ajira hatakiwi kumtoza mfanyakazi, na wakala wa kweli analijua hilo kabla yako. Huyu wako kwa ulivyonieleza naona ni wa kawaida tu, tuendelee.

Sasa majibu yako. La kwanza uliandika:

"Habari kaka, asante sana kwa kunifikiria. Kwa sasa nipo vizuri hapa nilipo, labda baadae inshaallah."

Adabu ipo, tatizo halina kitu ndani. Na hiyo inshaallah, mie na wewe tunajua inategemea nani anaisema na sauti gani, kuna inshaallah ya mtu aliyekaza nia na kuna inshaallah ya kumuondoa mgeni mlangoni bila kumvunja moyo. Kwenye maandishi sauti haisikiki, kaka wa Dar ataisoma ile ya pili. Simaanishi uitoe, itie mwisho wa sentensi yenye mwezi ndani, ikae pamoja na nia.

La pili nalo ulikwenda upande wa pili kabisa. Nimelihesabu, mistari kumi na saba. Mama anaumwa na ugonjwa gani, bosi mpya hakuelewi, mshahara wako laki tisa na sevis chaji imeshuka, Agosti hoteli mmeshajaza vyumba kiasi gani, afu mwisho "lakini kama mshahara mzuri tunaweza kuongea". Mdogo wangu, ile sentensi ya mwisho imefuta kumi na sita za juu. Rikruta akisoma pale anafahamu kitu kimoja tu, kwamba wewe hujakataa, unapandisha bei. Kesho atakupigia, keshokutwa atakupigia, na wewe utachoka uanze kutopokea simu, na hapo ndo mlango utafungwa kweli, kwa uchovu tu bila ugomvi wowote.

Mie ningeandika hivi, na hili unaweza kulichukua ukabadilisha utakavyo:

"Habari kaka. Asante kwa kuniandikia kuhusu nafasi ya meneja wa rizavesheni. Kwa sasa sitoingia kwenye mchakato huu, nimekabidhiwa mfumo mpya wa rizavesheni hapa nilipo na nataka niusimamie mpaka sizoni imalizike. Kuanzia mwezi wa tatu mwakani inshaallah nitakuwa tayari kusikia nafasi za meneja wa rizavesheni au msaidizi wa meneja wa mapato, Unguja kwanza, na Dar ikiwa makazi yamo kwenye ofa. Naomba jina langu na CV yangu visipelekwe kwa mwajiri yeyote kabla hujaniuliza. Hapa hapa LinkedIn ndo rahisi kunipata. Nakutakia kheri kumpata mtu wa nafasi hii."

Basi. Linasomwa kwenye simu bila kusogeza sana.

Tizama hapana iko wapi, sentensi ya tatu, na ni "sitoingia kwenye mchakato huu", haina "sidhani" wala "naona kama". Akiisoma anajua kwa kiti hiki hukupo, anakwenda kwa mwengine, hakuna usumbufu. Afu sababu, nimechagua moja kati ya zako mbili na nimechagua ya kazi. Mama sikumtia. Ugonjwa wa mama ni sababu ya kweli na ya heshima, lkn ukiuandika kwa mtu usiyemjua unaingia kwenye jedwali lake vile vile, na mwezi wa tatu atakapotaka kukupendekeza kwa mwajiri atajiuliza huyu ataweza kuhama kweli? Hayo utamwambia mwenyewe ukishafika kwenye mazungumzo, kwa mdomo, ukitaka. Ile ya mfumo mpya inafanya kazi mbili, inakukatalia kazi na wakati huo huo inakupandisha, mana mtu aliyehamisha rizavesheni za hoteli kutoka mfumo mmoja kwenda mwengine katikati ya sizoni bila kuuza chumba kimoja mara mbili anatafutwa. Na kama mfumo wenyewe ni wa kujulikana, tuseme Opera, litaje jina lake kwenye jibu na kwenye profaili yako pia, marikruta tunatafuta watu kwa kuandika neno kwenye kisanduku, asiyeandika neno hilo hatumuoni.

Jina la mfumo si siri. Siri ni ile ya Agosti. Wewe umekaa rizavesheni, unajua vyumba vimejaa kiasi gani, unajua kila tua opereta kapewa bei gani ya mkataba na anapunguziwa ngapi akileta watu wengi, na huyu kaka anatafutia watu hoteli nyengine, pengine ya kushindana na yenu. Haina maana kaja kupeleleza, wengi wao hata hawajui wafanye nini na namba zile. Lkn ukizitoa kwenye meseji ya kwanza tu unamuonyesha kwamba na za kwao utazitoa, na mkataba wako wa kazi bila shaka una kifungu cha siri za mwajiri, kausome.

"Mwezi wa tatu" sikuutia kwa kubahatisha. Unajua mwenyewe masika ya Aprili na Mei baadhi ya hoteli za fukwe zinafunga ama zinapunguza watu, afu Juni zinafungua na sizoni inaanza. Anayetaka meneja awe kitini Juni, na mtu mwenyewe lazima atoe notisi anakotoka, anaanza kutafuta Februari na Machi. Ukisema "mwezi wa sita" utaambiwa kiti kimekaliwa. Ukisema "mwakani" tu umerudi kwenye "baadae". Na ukiwa na mwezi wako mwengine kwa sababu ya mama, sema huo, lkn sema mmoja, na uangalie notisi yako kwenye mkataba ni ya muda gani usije ukaahidi kitu huwezi kukitekeleza.

Kwenye makazi hapo watu ndo wanajikwaa, ngoja nikae kidogo. Kaka wa watu lazima atakuuliza unapokea ngapi sasa. Usimwambie, na huna haja ya kumdanganya, mwambie "mwezi wa tatu tukifika huko tutazungumza ofa nzima, si mshahara peke yake." Kwanza ukishasema laki tisa, namba hiyo inakufata, ofa itajengwa juu ya laki tisa yako badala ya juu ya bajeti ya kiti. Pili laki tisa yako si laki tisa. Unakula kazini, unapanda basi la wafanyakazi kwenda na kurudi, sevis chaji inakuja ikipanda na kushuka, na kwa jirani zako wengine wamo na vyumba vya wafanyakazi. Tufanye hesabu ya mfano, namba nazitia mwenyewe wewe utatia zako. Dar wanakupa milioni moja na laki tatu, unaona umeongezewa laki nne, umefurahi. Chumba na sebule tuseme laki tatu kwa mwezi, imebaki laki moja. Daladala na chakula cha mchana ambavyo hapa hulipi, tuseme laki na nusu, umeshaingia chini ya ulipo kwa elfu hamsini na bado hujapanda boti hata mara moja kuja kumtizama mama. Juu ya hapo wenye nyumba wengi Dar wanataka kodi ya miezi sita mkupuo, hiyo ni milioni moja na laki nane inatakiwa kabla hujapokea mshahara wa kwanza. Ndo mana kwenye jibu nimetia "ikiwa makazi yamo", neno dogo lile linamchujia rikruta ofa zisizokufaa bila wewe kutaja senti moja.

Ile sentensi ya kuomba CV isipelekwe popote wengine wataiona kali. Iache. Ngoja nikupe kisa nilichokiona kwa macho yangu, nilipokuwa nafanya kazi hiyo. Kulikuwa na kijana wa Pemba, mpishi, kazi yake safi, alikuwa anamjibu kila rikruta "poa kaka, CV hiyo hapo, ukipata kitu nistue". Kwa mawakala watatu. Ikatokea hoteli moja ikatafuta mpishi msaidizi, wakala wawili wakampeleka kila mmoja kivyake, yeye hata hajui. Hoteli ikapokea jina moja kutoka kwa watu wawili, kila mmoja anadai ujira ni wake kama akiajiriwa. Unadhani walifanya nini? Hawakuingia kwenye ugomvi, walimtoa yeye wakachukua mtu mwengine. Yule kijana mpaka leo pengine anadhani hakufaa. Na kuna ubaya mwengine wa karibu zaidi, CV iliyoachiwa hewani inaweza kufika kwa mwajiri wako mwenyewe, mana hoteli kadhaa zinaweza kuwa za mmiliki mmoja na majina tafauti, wakala wa Dar hajui nani ndugu wa nani huku. Kwahiyo hata akikwambia "nitumie CV tu nikae nayo", mjibu kuwa utamtumia ikifika mwezi wa tatu ikiwa mpya. Profaili yako ya LinkedIn inamtosha mpaka hapo.

Wapi unaandikia na lini, haraka haraka. Jibu ndani ya siku moja mbili, baada ya hapo keshapeleka majina kwa hoteli na jibu lako halina uzito. Andika kwa simu yako, nje ya zamu, si kwenye kompyuta ya mapokezi ambayo kila mtu anaikuta imefunguliwa, na kamwe si kwa imeili ya hoteli. Akitaka muhamie wasap muache akae LinkedIn, pale ukibadilisha namba bado anakupata, na picha yako ya stetasi ukiwa harusini haimuhusu. Jengine, usije ukawasha ile "Open to Work" kwa mbwembwe ya duara la kijani, bosi wako nae ana macho. Kuna chaguo la "Recruiters only" ambalo linaonekana na marikruta tu, na LinkedIn wenyewe wanajitahidi kuwaficha walioajiriwa na kampuni yako lkn wanasema wazi hawawezi kuhakikisha, kwahiyo mpaka Februari liache limezimwa.

Na usimseme mwajiri wako. Hili mie nilifanya, nikiwa bado mdogo, mapokezi ya hoteli moja pwani ya mashariki, aliniandikia mtu nikamkatalia vizuri tu, afu nikaongeza kautani, kwamba hapa meneja wetu hata funguo za chumba zinamshinda. Kalikuwa kautani ka kweli. Wiki ya pili yule meneja ananiuliza, mbele ya watu, funguo zipi zilimshinda. Mpaka leo sijui ilipita njia gani, nani alimuonyesha nani skrinshoti, lkn kisiwa hichi utakapotoka Mjini mpaka Nungwi unapita kwa watu wanaojuana wote, mmoja mkwe wa mwengine. Andika kila neno kana kwamba bosi wako atasomewa.

Akishapokea jibu lako, moja kati ya mawili. Atasema asante akaondoka, hapo mambo yamekwisha. Au atasema "nakuelewa, lakini tungeongea dakika kumi tu." Hapa ndo watu wanateleza kwa kuona haya. Dakika kumi si mbaya kama unataka kujua soko likoje, mie ningekubali, lkn usiende kama mtu anayefanyiwa intavyu. Muulize wewe, hoteli za mjini sasa hivi zinatafuta nini kwa mtu wa rizavesheni, ujuzi gani unanipungua kufika meneja wa mapato. Jibu lake ndo silabasi yako ya miezi hii. Akianza kusema "wako tayari kukutana na wewe Alkhamis" mrudishe pale pale, "kaka nilisema kwa nafasi hii hapana, mwezi wa tatu." Mara moja inatosha. Akirudia mara ya pili usimjibu tena kwa nafasi hiyo, na hukumkosea chochote.

Anaweza pia kukuomba umpe mtu mwengine. Hiyo ukiweza ni nzuri sana, rikruta aliyepata mtu kupitia kwako hakusahau hata ukiwa umemkatalia mara tatu. Lkn namba ya mwenzako usiitoe kabla hujamuuliza, na usimuulize kwenye grupu la wasap la wafanyakazi, muulize pembeni. Akikubali mpe yeye namba ya rikruta aanze mwenyewe. Akikataa mwambie tu kaka kwamba kwa sasa huna mtu.

Kama utagundua ukikaa ukifikiri kwamba Dar hutaki kabisa, si sasa wala mwezi wa tatu wala makazi yakiwemo, basi ifute Dar kwenye lile jibu uache "Unguja tu". Utapata meseji chache, lkn zitakuwa zako. Nimewaona wengi wanaoacha wazi milango ya nyumba wasizotaka kuingia, wakija kuitwa wanakataa tena, na mara ya pili ile inaandikwa kwenye jedwali kwa herufi kubwa: HAENDI POPOTE.

La mwisho ni lako, si lake. Usitegemee kikumbusho chake peke yake, marikruta nao wanahama kazi, jedwali linabaki kwa mtu asiyekujua. Tia kwenye simu yako katikati ya Februari, siku hiyo umwandikie mistari miwili mitatu kwenye mazungumzo yale yale, usifungue mapya, ili juu yake aone mlivyozungumza:

"Habari kaka, tuliwasiliana mwaka jana kuhusu nafasi ya rizavesheni nikakwambia mwezi wa tatu. Mfumo tumeshauhamisha na sizoni imekwenda vizuri. Nipo tayari kusikia nafasi za Unguja, na Dar zenye makazi. CV mpya nitakutumia ukiwa na nafasi maalum mkononi."

Na ikifika Februari mama bado hali haijakaa sawa, mwandikie vile vile, umwambie sasa ni mwezi wa kumi, kwa ajili ya sizoni ya Disemba. Atafuta atie mwezi mpya, kazi ya sekunde kumi.